Huyu si mtu, lakini mbona namfahamu?

Posta ilikaa ukutani siku nne tu. Ilikuwa ya kituo cha afya kimoja huku Tanga, saizi ya A2, mwanamke wa makamo kajifunga kilemba cha kijani, uso umetulia, na chini yake maandishi makubwa: "Nina kifua kikuu, natumia dawa, nitapona." Mwanamke yule hayupo duniani, sura yake niliitengeneza mwenyewe kwa akili mnemba kwenye laptopu yangu, na nilikuwa naamini kabisa nimefanya vizuri kuliko wale wanaochukua picha ya mtu mtandaoni bila kumwomba. Siku ya nne nikapigiwa simu na mhudumu wa afya wa mtaa, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akaniambia, "Mwanangu, njoo uitoe hii picha, kuna mtu anaumia huku."

Anayeumia alikuwa mama ntilie, anauza chapati na maharage hatua chache tu kutoka kituoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, halafu akaenda kusimama pembeni ya posta ili nione mwenyewe. Macho yale yale, pua ile ile, mpaka ule mkunjo mdogo wa mdomo upande wa kushoto. Kilemba chake siku hiyo kilikuwa cha bluu na haikusaidia kitu. Wateja wake wa asubuhi, mafundi wa gereji ya jirani, walishahamia kwa mwingine. "Mimi wala sikohoi," akasema, "lakini nani atakuja kuniuliza, si wameshasoma."

Tangu siku ile nimelifuatilia hili jambo kwa karibu sana, na naandika leo kwa sababu naona madizaina wengi wanafanya kosa lile lile nililofanya mimi, yaani tunakagua kitu ambacho sicho. Kwa sababu mimi nilikagua! Sikuichapisha hivi hivi. Niliipakia kwenye TinEye, ikasema haijakuta kitu, nikaipakia kwenye Google Lens, ikaniletea vilemba vya kijani vinavyouzwa, nikajisemea huyu mtu hayupo, safi, tuma kwa mchapaji. Sasa angalia nilichokuwa nakifanya. TinEye inatafuta picha ile ile, hata ikiwa imekatwa au imepunguzwa saizi, haitafuti uso. Picha yangu ilikuwa imezaliwa jana yake usiku, ingekutwa wapi? Na hata kama ningetumia mtambo unaotafuta nyuso kweli kweli, kama PimEyes, unatafuta kwenye picha zilizoko mtandaoni za wazi, na mama ntilie wetu hana picha hata moja huko. Jibu la "hakuna" lilikuwa ni jibu la swali jingine kabisa.

Maswali yapo kama matatu hivi na kila moja lina kipimo chake, ukiyachanganya unapotea.

La kwanza ni kama mashine imekariri mtu. Watu wengi tulianza kuziona hizi sura mwaka 2019, ulipotoka ule ukurasa wa mtandaoni wa This Person Does Not Exist, yaani mtu huyu hayupo, ambao ukiufungua upya kila mara ulikuwa unakupa uso mwingine. Nyuma yake kulikuwa na StyleGAN, programu ya kutengeneza nyuso ya kampuni ya NVIDIA, iliyotangazwa Desemba 2018 na kufundishwa kwa picha 70,000 za nyuso zilizotolewa Flickr. Jina la ule ukurasa ndio limetulisha wengi imani kwamba sura ikitoka kwenye mashine basi moja kwa moja haina mwenyewe. Lakini mashine imejifunza kutoka kwa watu halisi, na mara nyingine inamrudisha mtu mzima mzima. Mwaka 2023 watafiti walichukua maelezo ya picha 350,000, yale ambayo picha zake zimejirudia sana kwenye data iliyofundishia Stable Diffusion, programu ya kutengeneza picha kwa maelezo, wakatengeneza picha 500 kwa kila elezo, na wakakuta picha takriban 100 ambazo ni nakala ya picha halisi za mafunzo, zikiwemo za watu wenye majina yao. Kwa picha zote zile zilizotengenezwa, 100 ni chache mno. Ila sababu yake ndio ya kushika, kwamba kinachokaririwa zaidi ni kile kilichojirudia au kilichofundishwa kwenye data ndogo. Kwa hiyo ukitumia modeli kubwa ya kawaida hatari hii ni ndogo, lakini ukishusha kile kimodeli cha nyongeza, zile LoRA ambazo mtu kazifundisha nyumbani kwa picha 20 au 30 ili zitoe "sura za Kiswahili Swahili" au "bibi wa Kiafrika", hapo unacheza na moto, maana huyo bibi anaweza akawa ni bibi wa mtu, yule yule. Swali la kumuuliza aliyeitengeneza ni moja tu: umeifundisha kwa picha za nani? Asipojibu, mi siitumii.

La pili ni watu maarufu, na hili ndilo mashine inaweza kukusaidia sana. Unajikusanyia folda ya picha za watu wanaojulikana mahali posta inapokwenda. Sio mastaa wa Hollywood, ni viongozi wa sasa na waliopita, wasanii wa Bongo Fleva na Bongo Movie, wachezaji wa Simba na Yanga, watangazaji, wahubiri, mbunge wa jimbo, picha tatu mpaka tano kwa kila mtu, za umri tofauti. Halafu unatumia programu ya kutambua nyuso ambayo inageuza kila uso kuwa orodha ya namba 512, nyuso zinazofanana namba zake zinaelekea upande mmoja. Unalinganisha uso wako mpya na kila mmoja kwenye folda, unapata alama, ikikaribia 1 ndio anafanana sana, ikiwa karibu na 0 hawana uhusiano. Kwa InsightFace ni mistari michache tu:

```python
from insightface.app import FaceAnalysis
import cv2, numpy as np

app = FaceAnalysis(name="buffalo_l")
app.prepare(ctx_id=-1)

def uso(faili):
    return app.get(cv2.imread(faili))[0].normed_embedding

print(np.dot(uso("mpya.png"), uso("msanii_01.jpg")))
```

Hiyo `-1` inamaanisha inatumia prosesa ya kawaida, huhitaji mashine ya bei mbaya. (Kabla hujaitumia kwenye kazi ya kulipwa soma leseni yake, hizo modeli zao zilizokwisha fundishwa zimetolewa kwa utafiti usio wa biashara.)

Sasa hapa pagumu pake ni kwamba programu inakupa alama, haikuambii "anafanana" wala "hafanani". Kizingiti, yaani ile alama ambayo kuanzia hapo unasema anafanana, unakiweka wewe. Na watu wanachofanya ni kukopa kizingiti walichokiona kwenye maelezo ya mtandaoni, ambacho mara nyingi kimepimwa kwa nyuso za mastaa wa Ulaya na Marekani, wanakibandika kwenye nyuso za huku. Desemba 2019 NIST, ile taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, ilitoa ripoti ya kupima programu nyingi za kutambua nyuso kwa kuangalia mtu ametoka wapi, na ikaonekana kosa la kusema watu wawili tofauti ni mtu mmoja lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na dogo zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki, na kwa programu nyingi hiyo tofauti ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100. Maana yake kwa kazi yetu ni kwamba kwa kizingiti cha kukopa mashine itakupigia kelele ovyo, itakuambia dada uliyemtengeneza anafanana na wasanii sita kwa mpigo, na wewe ukishachoka na kelele utafanya nini? Utakipandisha kizingiti mpaka inyamaze. Na ikinyamaza ndio inakuwa haikuonyi tena hata pale ulipotakiwa uonywe.

Dawa yake ni kupima kizingiti chako mwenyewe kwa watu wa huku, na sio kazi ya mwezi. Mimi niliomba ruhusa kwa watu 200, wafanyakazi wenzangu, ndugu, wanakwaya wa kanisa la mke wangu, vijana wa timu ya mtaani, kila mmoja picha moja ya uso mbele, na nikawaambia kabisa picha ni ya nini na nitaifuta lini. Watu 200 ukiwalinganisha kila mmoja na mwenzake unapata jozi 19,900, na zote ni za watu tofauti, kwa hiyo kila alama ya juu inayotokea hapo ni mfanano wa bahati tu (ndugu wa damu uwatoe pembeni, wao wataikoroga hesabu). Unazipanga alama kutoka juu kushuka chini, unaangalia ile ya 20. Hapo juu yake kuna jozi moja katika kila 1,000. Hicho ndicho kizingiti changu cha kuanzia: uso wa mashine ukipata alama hiyo au zaidi dhidi ya mtu maarufu yeyote, siutumii, natengeneza mwingine. Sura ya mashine haina gharama, kuitupa hakuna uchungu wowote, kwa hiyo kizingiti kiwe kikali, yaani kiitupe sura hata kwa alama ya chini kuliko ile ya polisi au ya benki.

Ila nisikudanganye, hata kikiwa kikali namna gani hakiwezi kukuambia kwamba uso huu hauna mwenyewe. Piga hesabu uone. Chukua programu nzuri sana ambayo inakosea mara moja tu katika kila jozi 1,000,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Gawanya. Uso wowote utakaoutengeneza, kwa kipimo hicho kizuri, unategemewa "kufanana" na watu kama 62 ndani ya nchi hii peke yake. Sio ajali, ni idadi ya watu tu, tuko wengi na nyuso hazina mwisho wa kujirudia. Na wanaofanana hivyo wapo kweli, mwaka 2022 kikundi cha watafiti Hispania kilichukua jozi 32 za watu wasio ndugu waliopigwa picha kwa sababu wanafanana, wakazipitisha kwenye programu tatu tofauti, na jozi 16 zote tatu zikakubali kwamba hawa wanafanana kabisa.

Kwa hiyo wale wanaouza huduma ya "sura zilizohakikiwa hazipo duniani", mi nasema wazi, hawawezi kuhakikisha wanachokiuza. Na swali lenyewe ndivyo lisivyotakiwa kuulizwa. Wale watu 62, kama 61 wako Bukoba, Mtwara, Mpanda na posta yangu iko Tanga, hawataumia. Anayeumia ni yule mmoja anayepita mbele ya ukuta ule kila siku. Tuseme kata ina watu 15,000. Kwa kipimo kile kile cha moja katika 1,000,000 utategemea watu 0.015, yaani karibu hakuna. Lakini kumbuka yale makosa ya mara 100 kwa nyuso za kwetu, ukiyatia hapo inakuwa mtu mmoja na nusu. Na hata hiyo ni hesabu ya jozi za kubahatisha tu, wakati kwenye kata watu wameoana, wamezaliana, na wewe umeshaiambia mashine unataka mwanamke wa makamo wa Kiafrika wa pwani mwenye kilemba, yaani umeshaisogeza mwenyewe mpaka mlangoni kwa watu.

Hili la tatu, la mtu wa jirani asiyejulikana na mtandao, hakuna programu itakayokujibu. Data yake iko vichwani mwa watu wa pale. Na hapa kuna kitu nimekipenda sana kwenye elimu ya nyuso, walikionyesha watafiti Uingereza toka 1979: mtu tusiyemfahamu, vitu vya nje, nywele, umbo la kichwa, vinatusaidia sawa tu na vya ndani, lakini mtu tunayemfahamu tunamtambua zaidi kwa ndani, macho, pua, mdomo. Ndio maana kilemba cha kijani na cha bluu hakikubadilisha kitu. Mimi ambaye simjui ningeweza kudanganyika, wateja wake hapana. Na ndio maana ile tabia ya kusema "basi mbadilishe nywele, muwekee miwani" haiokoi chochote, unambadilisha kwa wageni tu, majirani wanaendelea kumwona yule yule.

Mara ya pili nilipopewa kazi kama ile nilifanya hivi. Nilitengeneza nyuso sita, nikazipitisha kwenye folda ya maarufu, moja ikadondoka. Zilizobaki tano nikazichapa kwenye karatasi ya kawaida, bila neno hata moja juu yake, wala kusema ni za nini, maana ukienda mtaani na uso na neno kifua kikuu umeshaianzisha wewe mwenyewe ile habari. Nikapita na yule yule mhudumu wa afya kwa watu kumi na mbili, mmoja mmoja: bodaboda wawili wa vituo tofauti, muuza genge, fundi cherehani, mwalimu, imamu, mwenyekiti wa mtaa, na wengine. Mmoja mmoja, sio kwenye kijiwe, kwa sababu kijiweni mmoja akishasema "huyu si fulani" wote wanaanza kumwona fulani. Na swali lisiwe "anafanana na mtu?", ukiuliza hivyo mtu anajitahidi kukuridhisha, anatafuta mpaka anapata. Unampa karatasi, unauliza, "Huyu nani?" halafu unanyamaza. Asiyemjua atasema simjui ndani ya sekunde mbili. Anayemjua utamwona usoni kabla hajafungua mdomo.

Kanuni niliyojiwekea ni kwamba watu wawili wakitaja jina lile lile bila kusikizana, uso unatupwa, hakuna mjadala. Mmoja akitaja peke yake, naangalia maandishi yatakayokaa chini. Kama ni posta ya kuosha mikono nitaendelea. Kama ni ugonjwa, deni, ulevi, ukatili wa nyumbani, kitu chochote ambacho mtu angeona aibu kusomwa nacho, hata mmoja anatosha kuutupa. Wapo wanaoniambia hii ni kujitesa, picha si ya mtu, kesi iko wapi. Mwaka 1984 mahakama ya New York iliamua kesi ya Jacqueline Onassis, mjane wa Rais Kennedy, dhidi ya tawi la Christian Dior lililotumia kwenye tangazo mwanamke mwingine kabisa, mtu halisi, aliyefanana naye. Walijitetea kwamba sura ni ya huyo mwanamke mwenyewe na yeye amekubali. Mahakama ikalizuia lile tangazo, kwa sababu watu walikuwa wanamwona Onassis. Sisemi hukumu ya Marekani inatufunga huku, ila hoja yake ndiyo ninayoisimamia: uso wa posta ni wa yule ambaye watu wanamwona, sio wa yule aliyekusudiwa na dizaina. Na Onassis alikuwa na mawakili, mama ntilie ana sufuria mbili na wateja wa gereji.

Kitu kingine ambacho kingesaidia, na hakihitaji programu, ni kuandika. Kwenye posta zangu sasa pembeni chini kuna mstari, "Sura hii imetengenezwa na kompyuta, si picha ya mtu." Lakini usiutegemee, nilisimama nikaangalia watu wanaopita, macho yanakwenda kwenye uso, yanakwenda kwenye maandishi makubwa, mstari wa pembeni hakuna aliyeinama kuusoma. Uweke kwa heshima ya ukweli, usiuweke ukadhani umemlinda mtu.

Katika zile nyuso tano, mbili zilitajwa jina. Mmoja bodaboda wote wawili walisema ni dereva wa daladala wa njia ile, tukamtupa. Mwingine alikuwa mzee, ndevu fupi nyeupe, kofia ya kufuma, mimi nilimpenda kuliko wote. Watu kumi walisema hawamjui. Mwalimu akasema kama anamfananisha lakini hana uhakika. Fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na kitu, aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nayo kimya muda mrefu mpaka mhudumu wa afya akamgusa bega. "Huyu ni marehemu kaka yangu," akasema. Akaniuliza nimeitoa wapi, maana nyumbani kwao haikubaki picha hata moja. Nikamweleza. Akaniomba kama anaweza kubaki nayo, nikamwachia, na kwenye posta tukaweka mkono ulioshika vidonge, bila uso.